Kofia Tano au Sita? Uchambuzi wa Swali Lililofika kwa Picha

Picha ilinifikia usiku wa Jumamosi, imetumwa na mpwa wangu aliye kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Haikuwa picha ya karatasi yenyewe. Ilikuwa picha ya kioo cha simu ya mwenzake, na ndani ya kioo hicho mlikuwa na picha ya karatasi ya mazoezi iliyopigwa chini ya taa ya mezani. Karatasi ilikuwa imekunjwa upande wa kushoto, na kivuli cha kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya mstari wa kwanza.

Swali lilikuwa la Kiingereza, nami nalieleza hapa kwa Kiswahili. Watu kadhaa, idadi yao ikiwa ni tarakimu moja iliyofunikwa na kivuli kile, walimkabidhi mlinzi wa ukumbi kofia zao. Wakati wa kutoka, mlinzi alizirudisha bila kuangalia ipi ni ya nani, na kila mtu akapata kofia moja. Kipengele (a) kilitaka uwezekano kwamba hakuna hata mmoja aliyerudishiwa kofia yake. Kipengele (b) kilikuwa kimemezwa na mkunjo, na yaliyobaki ni maneno ya mwisho tu: kitu fulani kinachohusu «kofia yake mwenyewe ni 11/30».

Mpwa wangu aliisoma tarakimu iliyofichwa kuwa 5, mwenzake akaisoma 6. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na chini ya picha aliniandikia: «Shikamoo mjomba. Mimi nimepata 0.328, mwenzangu 0.335. Nani yuko sahihi?» Hakuna aliyekuwa sahihi, na kosa lao halikutokana na tarakimu.

Njia waliyoitumia wote wawili ni hii. Ikiwa watu ni watano, uwezekano wa mtu mmoja kupata kofia isiyo yake ni 4/5. Kwa kuwa watu ni watano, 4/5 ikazidishwa kwa yenyewe mara tano, ikatoka 0.328. Kwa watu sita, 5/6 ikazidishwa mara sita, ikatoka 0.335. Hatua ya kwanza ni ya kweli kabisa: mtu yeyote mmoja, akitazamwa peke yake, hupata kofia isiyo yake kwa uwezekano huo. Tatizo ni kule kuzidisha, kwa sababu kuzidisha namna hiyo kunaruhusiwa pale tu ambapo kinachompata mmoja hakibadilishi chochote kwa mwingine. Kofia hazina uhuru huo. Kofia yangu ikienda kwa jirani, tayari jirani hana nafasi ya kupata yake.

Namna rahisi ya kuinasa hitilafu hii ni kuwapunguza watu hadi wabaki wawili. Kwa njia ya kuzidisha tungepata 1/2 mara 1/2, yaani 1/4. Lakini watu wawili na kofia mbili wana njia mbili tu za kugawiwa: ama kila mmoja apate yake, ama wabadilishane. Jibu la kweli ni 1/2, maradufu ya lile la kuzidisha. Kwa watu watatu kuzidisha kunatoa 8/27, ambayo ni kama 0.296, ilhali ukiandika mipangilio yote sita kwa mkono unakuta ni miwili tu ambayo kila mtu ana kofia ya mwenzake, yaani 1/3. Nilimwandikia mpwa wangu mfano wa watu wawili peke yake, naye akajibu kwa neno moja: «Nimeona.»

Hata hivyo alirudi baada ya dakika kumi akiwa na wazo jingine. Safari hii aliamua kutafuta kwanza uwezekano kwamba walau mtu mmoja amepata kofia yake, kisha autoe kwenye 1. Wazo hilo ni zuri, na ndipo suluhisho linapoanzia. Lakini alijumlisha 1/5 ya mtu wa kwanza, 1/5 ya wa pili na kuendelea hadi wa tano, akapata 1 kamili, na kwa hiyo uwezekano wa kwamba hakuna aliyepata yake ukawa sifuri. Yeye mwenyewe alijua kwamba haiwezi kuwa sifuri, kwani watu watano wakizungushiana kofia kwa duara, kila mmoja akimpa wa kulia kwake, hakuna anayebaki na yake.

Kilichotokea ni kuhesabu mara mbili. Mpangilio ambao Juma na Bakari wote wamepata kofia zao umehesabiwa mara moja kwenye fungu la Juma na mara nyingine kwenye fungu la Bakari. Kanuni ya kujumuisha na kuondoa ni utaratibu wa kurekebisha hesabu hiyo hatua kwa hatua: unaondoa, unagundua umeondoa kupita kiasi, unarudisha, unagundua umerudisha kupita kiasi, unaondoa tena, hadi mafungu yaishe.

Tuichukue hesabu kwa watu watano, jinsi nilivyoifanya usiku ule. Kofia tano zinaweza kugawiwa kwa watu watano kwa njia 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120, nazo tunachukulia kuwa zina nafasi sawa. Kwa mtu mmoja uliyemchagua, mipangilio ambayo amepata kofia yake ni 24, kwa sababu ukishamkabidhi yake, wanne waliobaki wanapangwa kwa njia 24. Watu ni watano, basi tunaondoa 5 × 24, yaani 120. Tumeondoa kila kitu, na hapa ndipo mpwa wangu aliposimama na sifuri yake.

Sasa tunarudisha. Jozi za watu zinazoweza kuchaguliwa kutoka watano ni 10, na kwa kila jozi, ukishawapa wawili hao kofia zao, watatu waliobaki wanapangwa kwa njia 6. Tunarudisha 60. Makundi ya watu watatu ni 10 vilevile, na kila moja linaacha watu wawili wenye njia 2, hivyo tunaondoa 20. Makundi ya wanne ni 5, kila moja likimwachia mtu wa mwisho njia 1, tunarudisha 5. Mwisho kuna kundi moja la watu wote watano, tunaondoa 1.

```
120 - 120 + 60 - 20 + 5 - 1 = 44
44/120 = 11/30
```

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini kuondoa na kurudisha huku kunaishia mahali sahihi. Chukua mpangilio mmoja ambao watu watatu hasa wamepata kofia zao: Juma, Bakari na Salum. Katika zile 120 za mwanzo umo mara moja. Katika hatua ya kuondoa kwa mtu mmojammoja umeondolewa mara tatu, mara moja kwa kila jina. Katika hatua ya jozi umerudishwa mara tatu, kwa sababu kutoka watu watatu zinatoka jozi tatu. Katika hatua ya makundi ya watatu umeondolewa mara moja. Hatua zinazofuata haziugusi, kwa kuwa hauna watu wanne waliopata zao. Jumla yake ni 1 − 3 + 3 − 1, sifuri, yaani mpangilio huo umetoka kabisa kwenye hesabu kama tulivyotaka. Fanya hivyo kwa mpangilio wenye mtu mmoja, wawili, wanne au watano waliopata zao na utapata sifuri kila mara. Mpangilio pekee unaobaki na hesabu ya 1 ni ule usio na hata mmoja, kwa sababu hakuna hatua ya kuondoa inayoufikia.

Nilipopata 11/30 nilitazama tena chini ya picha, nikaiona namba ileile imeandikwa mwishoni mwa kipengele (b), na nikaridhika. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba watu ni watano, jibu ni 11/30, na hata karatasi inathibitisha. Kisha nikalala.

Asubuhi niliamka na shaka. Ni mtungaji gani wa mtihani anayekuuliza swali katika (a), kisha akakuandikia jibu lake katika (b)? Mtungaji akitoa namba na kutaka uonyeshe kwamba ndiyo, kwa kawaida namba hiyo ni ya jambo jingine linalotegemea lile la kwanza. Basi nikajaribu upande wa pili: vipi ikiwa watu ni sita, na (b) inahusu uwezekano kwamba mtu mmoja tu amepata kofia yake?

Hesabu yake ni fupi. Mtu huyo mmoja anaweza kuchaguliwa kwa njia 6. Akishapata yake, watano waliobaki lazima wote wakose zao, na hilo tayari tunalijua: njia 44. Jumla ni 6 × 44, yaani 264, kati ya mipangilio 720 ya kofia sita. Na 264/720, ukiirahisisha kwa kugawa kiasi na asili kwa 24, inakuwa 11/30.

Namba ileile. Ule «uthibitisho» wangu wa usiku ulikuwa na milango miwili, nami niliingia kwenye ule wa kwanza bila kuangalia wa pili. Wala si ajali ya tarakimu. Uwezekano kwamba mmoja tu kati ya watu sita amepata kofia yake ni lazima ulingane na uwezekano kwamba hakuna hata mmoja kati ya watano aliyepata yake, kwa sababu ile 6 ya kumchagua mtu na ile 6 iliyomo ndani ya 720 zinafutana, unabaki na 44/120. Badala ya sita na watano weka idadi yoyote na iliyo pungufu yake kwa mmoja, na mlingano unabaki palepale. Kwa hiyo anayeona 11/30 peke yake kwenye karatasi iliyokatwa hawezi kujua kama ni watano wasio na mmoja, au sita wenye mmoja tu.

Kinachoamua basi ni mahali namba ilipo. Ikiwa imo katika (b), baada ya (a) kuuliza kuhusu kutokuwepo hata mmoja, usomaji wa watu sita unaleta maana na ule wa watano hauleti. Nilirudia hesabu ya (a) kwa watu sita. Mafungu yanajengwa kwa njia ileile, ila sasa kuna jozi 15, makundi 20 ya watatu, makundi 15 ya wanne, 6 ya watano na moja la wote sita:

```
720 - 720 + 360 - 120 + 30 - 6 + 1 = 265
265/720 = 53/144
```

Ukitazama mafungu hayo utaona kwamba kila moja ni 720 iliyogawiwa kwa 1, kwa 2, kwa 6, kwa 24 na kuendelea. Ndiyo maana uwezekano wenyewe unaweza kuandikwa bila kutaja mipangilio kabisa, ambapo 3! ni 3 × 2 × 1, 4! ni 4 × 3 × 2 × 1, na kuendelea:

```
1 - 1 + 1/2! - 1/3! + 1/4! - 1/5! + 1/6!
```

Kwa jambo ambalo limeshanihadaa mara moja, sikutaka kuamini mstari mmoja wa hesabu. Njia ya kujikagua kwa mkono ni kuhesabu kila hali inayowezekana na kuona kama jumla inafika 720. Hakuna aliyepata yake: 265. Mmoja tu: 264. Wawili hasa: jozi 15, na wanne waliobaki wanakosa zao kwa njia 9, jumla 135. Watatu hasa: makundi 20 mara 2, yaani 40. Wanne hasa: makundi 15, na wawili waliobaki hawana ila kubadilishana, basi 15. Watano hasa haiwezekani, kwa sababu watano wakishapata zao, kofia iliyobaki ni ya wa sita. Wote sita: 1. Ukijumlisha 265, 264, 135, 40, 15, 0 na 1 unapata 720 bila kuzidi wala kupungua. Wanafunzi wengi huikosea ile hali ya watano, huiandikia 6, na jumla ikifika 726 hawajui imetoka wapi.

Kitu kilichomshangaza mpwa wangu katika orodha hiyo ni kwamba 265 na 264 zinatofautiana kwa moja tu. Aliniuliza kama nimekosea kunakili. Sikukosea. Linganisha mistari miwili ya hesabu uliyoiona hapo juu: ukizidisha kila fungu la watu watano kwa 6, unapata mafungu ya watu sita moja baada ya jingine, isipokuwa lile la mwisho kabisa, +1, ambalo kwa watu watano halikuwepo. Basi idadi ya watu sita ni 6 × 44 na moja ya ziada, na 6 × 44 ndiyo idadi ya wenye mmoja tu. Kwa watu watano tofauti ni moja pia, ila imegeuka upande: 44 wasio na hata mmoja, 45 wenye mmoja tu.

Hapo linakuja jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi katika kisa hiki. Vijana wawili walibishana usiku kucha kama tarakimu ni 5 au 6, ilhali kwa kiwango cha uwezekano ubishi huo hauna uzito wowote. Kwa watano jibu ni 0.3667, kwa sita ni 0.3681. Tofauti haifiki hata mbili katika elfu moja. Wangekuwa watu mia moja au elfu moja, jibu lingekuwa 0.3679, kwa sababu mafungu yanayoongezwa ni madogo mno: la saba ni 1/5040, la nane ni 1/40320, na kila moja linavuta upande ulio kinyume na lililotangulia. Majibu hupanda kidogo na kushuka kidogo kuizunguka namba moja, 1 iliyogawiwa kwa e, ambapo e ni ile 2.71828 inayofahamika kwenye logi asilia. Kwa watano uko chini yake kidogo, kwa sita uko juu yake kidogo.

Mtu ambaye hajawahi kulifanyia kazi swali hili kwa kawaida hutarajia kwamba watu wakiwa wengi, uwezekano wa wote kukosa utaelekea ama kwenye sifuri ama kwenye moja. Wengine husema: watu elfu moja, lazima mmoja wao atabahatisha. Wengine husema: kofia elfu moja, nani ataipata yake? Hoja zote mbili ni za kweli na zinavutana. Watu wanaojaribu bahati wanaongezeka, na bahati ya kila mmoja inapungua kwa kiwango kilekile, hata wastani wa wanaopata kofia zao unabaki mtu mmoja daima, wawe sita au elfu moja. Ukitaka kuhakikisha kwa sita, rudi kwenye orodha ya 720: 264 mara 1, 135 mara 2, 40 mara 3, 15 mara 4 na 1 mara 6. Jumla ni 720, yaani mtu mmoja kwa kila mpangilio kwa wastani.

Kwa njia, ile njia mbovu ya kuzidisha nayo huelekea kwenye 0.3679 watu wanapokuwa wengi, ila kwa kujikokota. Kwa watu 20 bado iko kwenye 0.358, ilhali jibu la kweli limeshatulia tangu watu saba au wanane. Hii ndiyo hatari yake kwa mwanafunzi: akiwa na watu wengi anapata namba iliyo karibu, anadhani njia ni sahihi, na mtihani unamletea watu wanne.

Swali lenyewe ni kongwe kuliko kofia za mlinzi. Mfaransa Pierre Rémond de Montmort alilichapisha mwaka 1708 akizungumzia mchezo wa karata kumi na tatu, ambapo mchezaji huzitaja namba kwa mpangilio huku akifunua karata, na hushinda karata ikioana na namba iliyotajwa. Suluhisho kwa njia hii ya kujumuisha na kuondoa, lililotoka kwa Nicolas Bernoulli, lilichapishwa mwaka 1713. Karata, kusema kweli, zinalifaa swali hili kuliko kofia, kwa sababu zimechanganywa kwa makusudi.

Kofia zina masharti ambayo karatasi haikuyasema. Hesabu yote inasimama juu ya mipangilio 720 yenye nafasi sawa. Mlinzi akizitundika kofia kwa mpangilio wa kuingia, na watu wakatoka takriban kwa mpangilio uleule, wengi watapata zao na hesabu yetu haina kazi. Kofia moja ikiwa ndogo mno kwa kichwa cha aliyepewa, ataikataa, na mpangilio huo umekufa. Na kwetu pwani mtu havui kofia yake ya viua akaingia ukumbini, kinachobaki mlangoni ni viatu msikitini, navyo ni jozi: mtu anaweza kurudi na ndara moja yake na nyingine ya mwenzake, na hilo ni swali jingine lenye hesabu nyingine.

Jumapili jioni ilikuja picha ya pili, safari hii ya karatasi yenyewe, imenyooshwa juu ya meza. Tarakimu ilikuwa 6. Kipengele (b) kilisema: hivyo, au kwa njia nyingine, onyesha kwamba uwezekano wa mtu mmoja tu kurudishiwa kofia yake mwenyewe ni 11/30. Chini yake kulikuwa na kipengele (c) ambacho picha ya kwanza haikukionyesha kabisa, nacho kilitaka uwezekano wa watu watano hasa kupata zao, kwa alama moja. Mpwa wangu alikuwa ameshaandika sifuri.